Mstari wa Robo katika Jumla ya Magoli: Jinsi Dau Linavyogawanywa na Jinsi ya Kuhesabu Malipo

Tarehe 21 Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililofanyika Ivory Coast, Simon Msuva aliifungia Taifa Stars bao la kuongoza dhidi ya Zambia katika dakika ya 11. Zambia walipata mtu wa kuwasawazishia, Patson Daka, dakika ya 88, na mchezo ukaisha 1-1. Wachukulie watu watatu waliobashiri kwamba mchezo huo ungekuwa na magoli mengi. Wa kwanza alichagua zaidi ya 2, wa pili zaidi ya 2.25, na wa tatu zaidi ya 2.5. Magoli yalikuwa mawili kwa wote watatu, lakini wa kwanza alirudishiwa dau lake lote, wa pili akarudishiwa nusu, na wa tatu hakupata kitu. Huyu wa katikati ndiye anayesumbua watu, kwa sababu tiketi yake haikushinda wala haikupoteza yote, na wengi wakiona salio lao baada ya mchezo kama huo huamini kwamba wamepunjwa.

Mwongozo huu unaeleza mstari huo wa katikati, yaani mstari unaoishia na .25 au .75, tangu unavyosomwa kwenye skrini hadi unavyokaguliwa baada ya mchezo. Mistari hii huitwa pia mistari ya Kiasia, na ndiyo maana katika tovuti nyingi utaikuta chini ya kichwa `Asian Total` au `Goal Line`.

Kusoma mstari na kuupasua

Jambo la kwanza ni kuutambua mstari, kwa kuwa kampuni haziuandiki kwa namna moja. Mstari wa 2.25 unaweza kuandikwa `2.25`, au `2/2.5`, au `2, 2.5`, na maandishi yote matatu yana maana ileile. Anayeona `2/2.5` asidhani kwamba ni chaguo kati ya mistari miwili, wala kwamba kampuni itachagua yenyewe upande inaoutaka. Maana yake ni kwamba dau litakatwa vipande viwili vilivyo sawa, kipande kimoja kiwekwe kwenye 2 na kingine kwenye 2.5, vyote viwili kwa odi ileile iliyoandikwa kwenye tiketi.

Kuupasua mstari wowote wa robo ni rahisi, kwani unachukua mstari ulio robo moja chini yake na ulio robo moja juu yake. Hivyo 2.25 ni 2 na 2.5, na 2.75 ni 2.5 na 3. Kwa njia hiyohiyo 1.75 ni 1.5 na 2, na 0.75, ambao huonekana sana katika kubashiri magoli ya kipindi cha kwanza, ni 0.5 na 1.

Ukishaupasua utaona kwamba katika kila jozi kuna mstari mmoja wa nusu na mmoja wa namba kamili. Mstari wa nusu hauna suluhu, kwa kuwa hakuna mchezo unaoweza kuwa na magoli mawili na nusu. Mstari wa namba kamili una suluhu: magoli yakilingana na namba hiyo, kipande kilichowekwa hapo hurudishwa kama kilivyo. Kwa hiyo mstari wa robo una namba moja tu inayoleta matokeo ya nusunusu, nayo ni ile namba kamili iliyo ndani yake. Nitaiita namba ya mpaka. Kwa 2.25 namba ya mpaka ni 2, na kwa 2.75 ni 3. Magoli yakiwa pungufu ya namba hiyo au yakiizidi, tiketi hushinda yote au hupoteza yote, na mgawanyo wa dau hauna athari yoyote.

Ningependa msomaji akae na jambo hili kabla ya kuendelea, kwa sababu kila kinachofuata kinatoka humo. Kabla ya kuweka dau, taja namba ya mpaka, kisha jiulize: magoli yakisimama hapo, kipande changu cha pili, kile cha mstari wa nusu, kimeshinda au kimepoteza? Kwa zaidi ya 2.25, magoli mawili hayafiki 2.5, hivyo kipande cha pili kimepotea na unabaki na nusu ya dau. Kwa chini ya 2.25, magoli mawili yako chini ya 2.5, hivyo kipande cha pili kimeshinda. Kwa zaidi ya 2.75, magoli matatu yamepita 2.5, hivyo nusu imeshinda na nusu iliyokuwa kwenye 3 imerudishwa. Kwa chini ya 2.75, magoli matatu yamekupotezea nusu.

Hesabu ya shilingi, kwa michezo mitatu ya Taifa Stars

Tuchukue dau la shilingi 10,000 na odi za mfano nilizoziweka mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi: zaidi ya 2.25 kwa 1.90, chini ya 2.25 kwa 1.90, na zaidi ya 2.75 kwa 2.60. Katika hali halisi odi zingebadilika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, lakini hapa tunazishikilia zilezile ili tuone kazi ya mstari peke yake. Hesabu zote ni kabla ya makato ya kodi ya ushindi, ambayo hutofautiana kati ya nchi na nchi.

Katika kundi lake la mashindano yale, Taifa Stars ilifungwa 3-0 na Morocco, ikatoka 1-1 na Zambia, kisha ikatoka 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jumla za magoli ni 3, 2 na 0.

Mchezo wa Kongo hauna la kuhesabu: sifuri iko chini ya kila namba ya mpaka, hivyo tiketi za zaidi ya zimepotea zote na ya chini ya 2.25 inalipwa 19,000.

Katika mchezo wa Zambia, zaidi ya 2.25 imekwama kwenye namba ya mpaka. Shilingi 5,000 zilizokuwa kwenye 2 zinarudi, na 5,000 zilizokuwa kwenye 2.5 zimekwenda. Malipo ni 5,000 na hasara ni 5,000. Aliyeshika chini ya 2.25 anarudishiwa 5,000 za mstari wa 2, na 5,000 za mstari wa 2.5 zinazidishwa kwa 1.90 kuwa 9,500. Malipo yake ni 14,500, yaani faida ya 4,500 mahali pa 9,000 ambazo angezipata kama Daka asingefunga. Bao lile la dakika ya 88 lilipunguza faida ya upande mmoja kwa nusu na hasara ya upande wa pili kwa nusu. Angalia pia kwamba aliyepoteza nusu amepoteza 5,000 ilhali aliyeshinda nusu amepata 4,500 tu. Tofauti hiyo ni sehemu ya kampuni, na mgawanyo wa dau hauiondoi.

Mchezo wa Morocco ndio unaoonyesha tofauti ya .25 na .75. Magoli matatu yamevuka namba ya mpaka ya 2.25, hivyo tiketi ya zaidi ya 2.25 imeshinda yote na inalipwa 19,000. Kwa 2.75, magoli matatu ndiyo namba ya mpaka yenyewe: 5,000 za mstari wa 2.5 zinakuwa 13,000, na 5,000 za mstari wa 3 zinarudi, jumla 18,000. Tiketi yenye odi ya 2.60 imelipa pungufu kuliko yenye odi ya 1.90. Anayetazama odi bila kutaja namba ya mpaka huishia kuduwaa hapa, kwa kuwa alikuwa akisubiri 26,000, na hizo zingehitaji goli la nne.

Kuchagua kati ya 2, 2.25 na 2.5

Watu wengi huuchukua mstari wa robo kama kinga ya bure. Si ya bure. Tuseme katika mchezo huohuo zaidi ya 2 inatolewa kwa 1.64, zaidi ya 2.25 kwa 1.90, na zaidi ya 2.5 kwa 2.20. Kwa dau la 10,000, magoli yakiwa matatu au zaidi mistari hiyo inalipa 16,400, 19,000 na 22,000. Yakiwa mawili kamili inalipa 10,000, 5,000 na sifuri. Yakiwa moja au hakuna, yote mitatu imepotea. Hivyo anayehama kutoka 2.5 kwenda 2.25 ananunua shilingi 5,000 za siku ya magoli mawili, na bei yake ni shilingi 3,000 za siku ya magoli matatu au zaidi.

Ukiiweka hivyo, swali la kuchagua mstari linakuwa la hesabu. Kinga hiyo inafaa ikiwa michezo ya magoli mawili kamili inafikia angalau asilimia 60 ya idadi ya michezo ya magoli matatu na zaidi, kwa sababu 3,000 ni asilimia 60 ya 5,000. Tuseme umeorodhesha michezo 30 inayofanana na huo unaoutazama, na 12 kati yake ilikuwa na magoli matatu au zaidi. Asilimia 60 ya 12 ni 7.2. Kama michezo ya magoli mawili kamili ni minane, 2.25 ina afadhali kuliko 2.5 kwa bei hizo. Ikiwa ni sita, 2.5 ndiyo yenye afadhali. Michezo 30 ni michache, na idadi ya nane ingeweza kwa bahati tu kuwa sita, kwa hiyo ulinganisho unapokaribiana hivyo usiubebeshe uzito mkubwa. Pia hesabu hii inalinganisha mistari tu. Haikuambii kama upande wa zaidi ya wenyewe unastahili kubashiriwa, na mistari yote mitatu inaweza kuwa mibaya kwa pamoja.

Kuipima odi ya robo kwa odi za jirani zake

Kwa kuwa mstari wa robo ni dau mbili zilizofungwa pamoja, unaweza kuzifungua na kuziweka mwenyewe pale kampuni inapotoa mistari yote mitatu. Kwa zaidi ya 2.25 ulinganisho ni kamili. Jumlisha odi ya zaidi ya 2 na ya zaidi ya 2.5, kisha gawanya kwa mbili. Katika mfano wetu, 1.64 na 2.20 ni 3.84, na nusu yake ni 1.92. Kampuni inatoa 1.90. Ukiweka 5,000 kwenye 2 na 5,000 kwenye 2.5 kama tiketi mbili, magoli matatu yatakulipa 8,200 na 11,000, jumla 19,200, mahali pa 19,000. Magoli mawili yatakurudishia 5,000 vilevile, na goli moja litakupotezea yote vilevile. Hakuna matokeo ambapo tiketi mbili zinalipa pungufu, kwa hiyo hapa kuigawa mwenyewe ndiyo njia bora, hata kama tofauti ni shilingi 200. Odi ya robo ikipita 1.92, chukua robo.

Njia hii ya wastani hufanya kazi pale ambapo namba ya mpaka inakupotezea nusu, yaani kwa zaidi ya .25 na chini ya .75. Usiitumie kwa chini ya 2.25 au zaidi ya 2.75, ambako namba ya mpaka inakushindisha nusu. Huko kipande kinachoshinda kwenye namba ya mpaka ni kile cha mstari wenye odi ndogo, na ukikiweka peke yake kitalipwa kwa odi hiyo ndogo, wakati tiketi ya robo ingekilipa kwa odi ya katikati. Tiketi mbili zinaweza kulipa zaidi siku ya ushindi kamili lakini zikalipa pungufu siku ya namba ya mpaka. Wastani wa kawaida basi utakufanya uione odi ya robo kuwa mbaya hata inapokuwa ya haki.

Magoli gani yanahesabiwa

Kwa kawaida jumla ya magoli ni ya dakika 90 pamoja na zile za fidia ambazo mwamuzi wa akiba huzionyesha kwenye kibao. Dakika 30 za ziada na mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi hazimo, isipokuwa tiketi iseme wazi vinginevyo. Goli la kujifunga huhesabiwa kama goli jingine lolote.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ni nusu fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 11 Julai 2018 mjini Moscow. Kieran Trippier aliifungia Uingereza dakika ya 5, Ivan Perišić akaisawazishia Croatia dakika ya 68, na Mario Mandžukić akafunga la ushindi dakika ya 109. Magazeti yaliandika 2-1, yaani magoli matatu. Kwa tiketi ya kawaida ya jumla ya magoli mchezo huo uliisha 1-1, hivyo zaidi ya 2.25 ilipoteza nusu na chini ya 2.25 ilishinda nusu. Katika hatua za mtoano, basi, andika matokeo ya dakika ya 90 pembeni kabla ya kuanza kuhesabu malipo.

Katika kubashiri mchezo unaoendelea kuna mtego mwingine. Jumla ya magoli huhesabu magoli yote tangu dakika ya kwanza, pamoja na yaliyofungwa kabla hujaweka dau. Ukiingia dakika ya 60 matokeo yakiwa 1-1 na kuchukua zaidi ya 2.75, goli moja zaidi litakufikisha kwenye namba ya mpaka na kukushindisha nusu, na mawili zaidi yatakushindisha yote. Anayetoka kwenye mistari ya Kiasia ya kuipa timu magoli ya kuanzia, ambayo katika mchezo unaoendelea kwa kawaida huhesabu magoli ya baada ya dau tu, huichanganya kanuni hiyo na hii na kukosea hesabu yake yote.

Mstari wa robo ndani ya mkeka

Kwenye mkeka, matokeo ya nusu hayauchani. Yanabadilisha odi ya mchezo huo tu. Mchezo uliopoteza nusu huhesabiwa kwa odi ya 0.5, na mchezo ulioshinda nusu huhesabiwa kwa wastani wa 1 na odi yake. Kwa odi ya 1.90 hiyo ni 1 kuongeza 1.90, gawanya kwa mbili, yaani 1.45.

Tuseme mkeka wa shilingi 2,000 una michezo mitatu yenye odi 1.80, 1.90 na 1.70, na ule wa 1.90 ni mstari wa robo. Michezo yote ikishinda:

```
2000 x 1.80 x 1.90 x 1.70 = 11628
```

Mchezo wa robo ukishinda nusu, malipo yanakuwa 8,874. Ukipoteza nusu, yanakuwa 3,060. Hapo ndipo nilipoona malalamiko mengi zaidi: jirani yangu mmoja alipata kiasi cha namna hiyo na akashikilia kwamba mkeka ulioshinda hauwezi kulipa theluthi ya ulichoandika. Tulikaa na karatasi, tukapasua mstari wake, na namba ikatoka ileile hadi shilingi ya mwisho. Kampuni nyingine hazikubali mistari ya robo kwenye mkeka kabisa, na hilo huonekana mara tu unapojaribu kuiongeza.

Kukagua tiketi baada ya mchezo

Kwenye historia ya dau, tiketi ya namna hii huandikwa `Half Won` au `Half Lost`, au pengine huandikwa tu kwamba imeshinda au imepoteza huku kiasi kilicholipwa kikionyesha nusu. Usiamini neno peke yake, angalia kiasi. Tiketi moja iliyopoteza nusu lazima ilipe nusu kamili ya dau, bila kujali odi. Iliyoshinda nusu lazima ilipe nusu ya dau mara odi, jumlisha nusu ya dau.

Kiasi kisipolingana, anza na mstari: soma tena kama ulichukua 2.25 au 2.5, kwa kuwa hizo mbili hukaa safu moja juu ya nyingine na kidole huteleza kirahisi kwenye simu. Kisha angalia matokeo ya dakika 90, halafu kodi ya ushindi kama nchini kwako inakatwa kwenye tiketi. Ikiwa bado namba hazikubaliani, waandikie huduma kwa wateja ukitaja namba ya tiketi, mstari, matokeo ya dakika 90, na hesabu ya vipande viwili kila kimoja kwa kiasi chake, ili anayejibu aone mara moja ni kipande kipi mnachotofautiana.